Kukuza Picha ya Zamani Bila Kubadilisha Sura za Watu

Programu ya kuboresha picha hukuza picha ndogo kwa kukisia. Picha inapokuzwa mara 3 kila upande, mahali palipokuwa na pikseli 1 panahitajika pikseli 9, na hizo 8 za nyongeza hazikuwemo popote. Modeli ya akili mnemba huzijaza kwa kufuata mazoea iliyoyapata ilipofundishwa kwa picha nyingi: nywele huwa hivi, ukingo wa nguo huwa vile, jicho huwa na nukta ya mwanga. Kazi ya mipangilio na maagizo ni kuiambia programu ikisie wapi, kwa kiasi gani, na wapi isiguse. Anayeacha kila kitu kama alivyokikuta hupata picha safi, lakini mara nyingi hupata pia watu wasiojulikana na ukoo wao.

Tuchukue picha ya harusi ya miaka ya 1980, ya rangi, iliyosafishwa studio kwa ukubwa wa sentimeta 10 kwa 15. Watu 14 wamesimama mbele ya ukuta wa chokaa. Maharusi wako mbele na wazee wako safu ya nyuma. Mtu ameipiga kwa simu na kuituma WhatsApp, na iliyofika ina pikseli 1,200 kwa 800. Familia inataka kuichapa kwa sentimeta 30 kwa 45 na kuitundika sebuleni.

Ukubwa unaolengwa huanzia kwenye karatasi. Sentimeta 45 ni karibu inchi 17.7. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, upande huo ungehitaji pikseli 5,315, yaani kukuza kwa karibu mara 4.4. Lakini picha ya ukutani hutazamwa kutoka mita moja au zaidi, na kwa umbali huo nukta 200 kwa inchi zinatosha. Hesabu inashuka hadi pikseli 3,543 kwa 2,362, na kukuza mara 3 kunatoa 3,600 kwa 2,400. Tofauti kati ya mara 3 na mara 4.4 si ndogo: kila hatua ya juu ni kukisia zaidi, na makisio hayo hayaongezi kitu ambacho jicho litakiona kutoka kwenye kochi.

Kabla ya kukuza chochote, inafaa kuuliza kama ile karatasi yenyewe ya 10 kwa 15 bado ipo. Ikipelekwa steshenari na kupitishwa kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi, inatoa pikseli 3,543 kwa 2,362, kiasi kilekile kinachohitajika, bila akili mnemba kuhusika. Skana nayo haileti zaidi ya kilichochapwa, na karatasi za studio mara nyingi hazikuwa na undani mwingi hivyo. Hata hivyo, kinachoonekana humo kilikuwepo kweli siku ya harusi. Njia ya kukuza ibaki kwa picha ambayo karatasi yake imepotea au imeliwa na unyevu.

Ukubwa huwekwa kwenye kisanduku chake cha mipangilio, si ndani ya agizo la maneno. Wengi huandika “8K” katika agizo wakitarajia faili kubwa. Maneno hayo hayaongezi hata pikseli moja. Modeli huyasoma kama maelezo ya mtindo, ikaongeza ukali wa kingo na mng'ao unaofanana na picha za matangazo.

Baada ya ukubwa zinafuata chenga, na hapa panahitaji kutulia, kwa sababu chenga si za aina moja. Filamu ina punje zake, ambazo ni sehemu ya picha. Simu iliyopiga katika chumba chenye giza huongeza madoadoa ya rangi. Kubana faili kwa mfumo wa JPEG huacha vijiraba vya pikseli 8 kwa 8, vinavyoonekana zaidi kwenye anga na kuta tupu, pamoja na ukungu kando ya kingo kali. Vijiraba na madoadoa ya rangi vinafaa kuondolewa kabla ya kukuza au wakati wa kukuza. Vikiachwa, modeli huvichukulia kuwa umbile la kitu na kuvichora upya vikubwa zaidi. Punje za filamu zipunguzwe tu, zisifutwe.

Hatari ni kwamba programu haijui tofauti ya chenga na kitu kidogo cha kweli. Kitelezi kikisukumwa hadi mwisho, kinachoanza kutoweka ni mfumo wa mkeka, nakshi za hina mikononi mwa bibi harusi, chale za mzee shavuni na makunyanzi ya bibi. Maandishi ya kanga hupata balaa la pekee. Yakiwa madogo mno kusomeka, programu huyageuza kuwa vijistari vinavyofanana na herufi lakini si herufi za lugha yoyote. Ndiyo maana kanga ni mahali pazuri pa kukagulia: herufi zikianza kupinda, kiwango kimepita kiasi.

Katika Real-ESRGAN, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2021, modeli ya matumizi ya jumla ina kipimo cha chenga kinachoanzia 0 hadi 1. Karibu na 0 chenga hubaki, na kwenye 1 husafishwa kwa nguvu. Kwa picha hii ya harusi, 0.3 ni pa kuanzia:

```
python inference_realesrgan.py -n realesr-general-x4v3 -i harusi.png --outscale 3 -dn 0.3
```

Amri hiyo haina `--face_enhance`, na imeachwa makusudi. Swichi hiyo ya kuboresha nyuso hupitisha kila uso unaoonekana katika modeli ya pili, GFPGAN, bila kuuliza uso huo una pikseli ngapi. Katika picha yetu, uso wa bibi harusi una upana wa pikseli 110 hivi, na za wazee wa nyuma zina 35. Uso wa pikseli 110 una macho, pua na mdomo vinavyotambulika, modeli inavinoa. Uso wa pikseli 35 una vivuli viwili na mstari mmoja. Kinachotoka hapo kina kope, meno na mboni kamili, na karibu vyote vimebuniwa.

Makisio hayo yana mwelekeo wake. GFPGAN na CodeFormer zote zilifundishwa kwa FFHQ, mkusanyo wa picha 70,000 za nyuso zilizotolewa kwenye Flickr, na uso usiofanana na zilizojaa humo huvutwa uelekee huko. Mwaka 2020 zana iitwayo PULSE, iliyotoka Chuo Kikuu cha Duke, ilipewa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa hadi vijiraba, ikarudisha uso wa mwanamume mzungu. Picha hiyo mpya ikipunguzwa tena, ilikaribiana na vile vijiraba vya mwanzo. Kwa maneno mengine, nyuso nyingi tofauti zinaweza kuwa chanzo cha vijiraba vilevile, na programu huchagua mmoja.

Kwa hiyo nyuso hushughulikiwa peke yake. CodeFormer inafaa kwa sababu ina kipimo kinachopima jambo lenyewe: `-w`, kutoka 0 hadi 1. Kikishuka, uso unakuwa safi na laini zaidi lakini unaachana na picha ya asili. Kikipanda, unabaki karibu na asili pamoja na kasoro zake. Picha za ukoo zinataka 0.8 au zaidi. Pia `-s` iwekwe 1, kwa sababu bila hivyo programu itakuza picha nzima mara 2 tena, juu ya kazi iliyokwisha kufanyika. Kisha, katika programu yoyote ya kuhariri kwa tabaka, matokeo hayo yanawekwa juu ya picha iliyokuzwa tu, na nyuso za safu ya mbele pekee ndizo zinazoachwa zionekane. Wazee wa nyuma wabaki na ukungu wao. Mtu aliyemjua babu atamtambua kwa mkao na kofia yake, ilhali uso mpya wenye macho makali utamfanya aulize huyu ni nani.

Uhalisi ni mpangilio wa mwisho, na unahusu zaidi programu zinazochora upya kwa kufuata maneno. Nyingi zina kipimo kiitwacho `Denoising strength`, ambacho jina lake huwapoteza watu: hakihusiani na kuondoa chenga za picha. Kinaamua picha ya asili ivurugwe kiasi gani kabla ya kuchorwa tena. Kwenye 0.2 hadi 0.3 nguo na kuta hupata umbile huku umbo likibaki. Kwenye 0.5 na kupanda, watu hubadilika, vidole huongezeka na mashada ya maua huhama mikono. Programu nyingine huita kipimo kama hicho `Creativity`, na kando yake huweka `Resemblance` kwa ajili ya ufanano. Cha kwanza kishushwe, cha pili kipandishwe.

Agizo lenyewe lieleze kilichomo kwenye picha, si sifa zinazotamaniwa. “Nzuri sana, ya kuvutia, ya kitaalamu” huleta ngozi ya nta na mwanga wa studio. Agizo linalofaa kwa picha yetu ni kama hili:

“Picha ya rangi ya harusi, miaka ya 1980, imepigwa nje mchana kwa filamu. Watu 14 wamesimama mbele ya ukuta wa chokaa. Bibi harusi amevaa shela jeupe. Wanawake wawili upande wa kushoto wamejitanda kanga. Ngozi ya kawaida yenye makunyanzi, jua kali la juu, punje kidogo za filamu.”

Idadi ya watu na nguo zao hupunguza nafasi ya kubuni, na kutaja punje huzuia ulaini wa kupindukia. Modeli nyingi za aina hii zilifundishwa kwa maelezo ya Kiingereza, kwa hiyo mara nyingi agizo huandikwa kwa Kiingereza chepesi kama hakuna mahali pa Kiswahili. Makatazo ni jambo la kuangaliwa: ukiandika “bila miwani”, neno miwani tayari limeingia, na miwani inaweza kutokea. Mengi ya mazingira haya yana kisanduku cha pembeni cha vitu visivyotakiwa. Humo ndimo yanamoingia maneno kama miwani, vipodozi na ngozi ya plastiki.

Ukaguzi hufanywa kwa njia mbili. Kwanza, picha mpya hupunguzwa hadi pikseli 1,200 kwa 800 na kuwekwa juu ya ya zamani, kisha tabaka la juu huwashwa na kuzimwa. Kitu kinachoruka, iwe nyusi, kitufe au kidole, kimebuniwa. Kipimo hiki hukamata makosa makubwa tu, kwani PULSE ingekipita. Njia ya pili ni kumwonyesha mtu aliyewafahamu waliopigwa picha, bila kumwambia kilichofanyika, na kumwomba ataje majina. Akisita kwa mtu mmoja, uso huo urudishwe kama ulivyokuwa.

Faili la mwisho lihifadhiwe kama PNG au TIFF, ya asili ibaki bila kuguswa, na vipimo vilivyotumika viandikwe kwenye jina la faili: `harusi_x3_dn03_w08.png`. Likitumwa kwa mchapaji kupitia WhatsApp, litumwe kama hati, si kama picha, maana likitumwa kama picha litabanwa upya na kurudishiwa vile vijiraba.