Mistari Minne ya Kutafuta KKS

Aliyepita shule ya msingi Tanzania hajasahau KKS, kigawo kikubwa cha shirika. Ukipewa 84 na 36, unazivunja kwa namba tasa: 84 ni 2 × 2 × 3 × 7, na 36 ni 2 × 2 × 3 × 3. Zilizo za shirika ni 2, 2 na 3, kwa hiyo jibu ni 12. Miaka kadhaa baadaye swali hilohilo humsubiri mwanafunzi wa uhandisi wa kompyuta kwenye maabara ya lugha ya asembli. Safari hii haulizwi jibu. Anatakiwa kuifanya chipu ya ARM ilipate, amri moja baada ya nyingine.

Njia ya namba tasa haifai hapo, kwa sababu inahitaji kugawanya mara nyingi, na ARM7TDMI, chipu ya mwaka 1994 ambayo bado inafundishiwa katika maabara nyingi, haina amri ya kugawanya. Kujumlisha inajua, kutoa inajua, kuzidisha pia. Kugawanya hapana.

Kinachookoa ni njia aliyoiandika Euklidi wa Aleksandria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, katika kitabu cha saba cha kazi yake ya jiometri na hesabu. Toa ndogo katika kubwa, na urudie mpaka zilingane. Kutoka 84 na 36 unapata 48 na 36, kisha 12 na 36. Sasa ya pili ndiyo kubwa, hivyo unapata 12 na 24, halafu 12 na 12. Zimelingana, na 12 ndilo jibu. Haina uganga: namba yoyote inayogawa 84 na 36 bila baki itagawa pia tofauti yao, kwa hiyo kigawo kinachotafutwa hakipotei hata mara moja njiani.

Programu nzima, kama inavyoandikwa kwa asembla ya GNU, ni hii:

```
        .global _start
_start: LDR   r2, =namba1
        LDR   r0, [r2]
        LDR   r3, =namba2
        LDR   r1, [r3]
gcd:    CMP   r0, r1
        SUBGT r0, r0, r1
        SUBLT r1, r1, r0
        BNE   gcd
        LDR   r4, =jibu
        STR   r0, [r4]
mwisho: B     mwisho

        .data
namba1: .word 84
namba2: .word 36
jibu:   .word 0
```

Kazi yenyewe inafanywa na mistari minne tu, kuanzia `CMP` hadi `BNE`. Iliyobaki ni ya kuleta namba na kurudisha jibu, na hapo ndipo wanaoanza hukwama kwanza.

ARM haifanyi hesabu ndani ya kumbukumbu. Hesabu zote hufanyika kwenye rejista, vihifadhi vichache vilivyo ndani ya prosesa yenyewe, kila kimoja chenye biti 32. Namba iliyo kwenye kumbukumbu lazima ipakiwe kwanza kwenye rejista kwa `LDR`, na jibu lirudishwe kwa `STR`. Ndiyo maana kila namba hapo juu imechukua mistari miwili. `LDR r2, =namba1` inaweka kwenye r2 anwani ya mahali namba ilipo. `LDR r0, [r2]`, yenye mabano, inakwenda kwenye anwani hiyo na kuchukua kilichomo.

Asiyeielewa tofauti hiyo huandika `LDR r0, =namba1` na `LDR r1, =namba2`, kisha anaruka moja kwa moja kwenye kitanzi. Asembla halalamiki. Programu inakwenda, inasimama vizuri, na jibu linakuwa 4. Akibadilisha namba kuwa 35 na 21, ambazo KKS yake ni 7, anapata 4 tena. Akiweka 100 na 75, bado ni 4. Chanzo ni kwamba chipu imelinganisha anwani badala ya namba. Kila namba imechukua baiti nne, kwa hiyo anwani zote mbili zinagawanyika kwa 4, na zimepishana kwa 4 kamili. KKS ya namba mbili za namna hiyo haiwezi kuwa nyingine. Mwalimu anayeona 4 kwenye skrini ya mwanafunzi anajua kosa liko wapi kabla hajasoma mstari hata mmoja.

Tukirudi kwenye mistari minne, `CMP r0, r1` inatoa r1 katika r0 na kulitupa jibu. Inachobakiza ni bendera, biti nne ndani ya prosesa zinazoeleza jibu lile lilikuwaje: je, lilikuwa sifuri, lilikuwa hasi, na kadhalika. Amri zinazofuata huzisoma bendera hizo kabla ya kufanya lolote. `SUB` ni amri ya kutoa. `SUBGT` ni amri ileile ikiwa na sharti mkiani: toa ikiwa r0 ilionekana kubwa. `SUBLT` inatoa ikiwa r0 ilionekana ndogo. `BNE` inarudi juu ikiwa hazikulingana.

Kwa 84 na 36, `SUBGT` inatekelezwa na r0 inakuwa 48. `SUBLT` inapofikiwa, sharti lake halijatimia, hivyo inapita bila kugusa kitu. Hapa pana jambo la kuangalia: `SUBGT` imebadilisha r0 lakini haikugusa bendera, kwa sababu kwenye ARM amri ya hesabu haibadilishi bendera mpaka iombwe kwa kuongezewa herufi S. `SUBLT` na `BNE` kwa hiyo zinasoma bendera zilezile za `CMP`. Zamu ya 12 na 12 ikifika, `SUBGT` inapita bure, `SUBLT` inapita bure, `BNE` hairudi juu, na `STR` inaandika 12 kwenye `jibu`.

Kwa nini masharti yabandikwe kwenye amri, wakati prosesa nyingi za zamani ziliridhika na kuruka tu? Jibu liko kwenye gharama ya kuruka. ARM7TDMI hufanya kazi kwa hatua tatu zinazokwenda pamoja: amri moja inatekelezwa, ya pili inasomwa maana yake, ya tatu inaletwa kutoka kwenye kumbukumbu. Ukiruka, mbili zilizokuwa zikiandaliwa nyuma hazina kazi tena; zinatupwa na nyingine zinaletwa. Amri ya kutoa huchukua mpigo mmoja wa saa ya prosesa. Kuruka huchukua mitatu. Amri ambayo sharti lake halikutimia huchukua mpigo mmoja, basi.

Hesabu hiyo inaweza kufanywa kwa kalamu. Kwa mistari minne, kila zamu ya kutoa inagharimu mipigo sita, na zamu ya mwisho mipigo minne. Mfano wa 84 na 36 una zamu nne za kutoa na moja ya mwisho, hivyo jumla ni mipigo 28. Kazi hiyohiyo ikiandikwa bila masharti kwenye `SUB`, kwa kuruka huku na kule, inahitaji amri saba badala ya nne, na mipigo 36.

Anayetumia programu ya kuiga prosesa kama CPUlator, inayofunguka ndani ya kivinjari, anaweza kuliona sharti kwa macho. `SUB r0, r0, r1` ya kawaida inaonekana kwenye kumbukumbu kama `E0400001`. `SUBGT` ni `C0400001`. Tofauti ni herufi ya kwanza tu, ambayo ni biti nne za juu: E maana yake tekeleza siku zote, C maana yake tekeleza ikiwa kubwa. Kwa maneno mengine, hata amri isiyo na sharti inabeba sharti. Ni “kila mara”.

Mpango huo ulitoka Cambridge, Uingereza, kwenye kampuni ya Acorn, ambako Sophie Wilson alibuni seti ya amri na Steve Furber akaongoza ubunifu wa chipu yenyewe. Chipu ya kwanza ilifanya kazi tarehe 26 Aprili 1985, ikiwa na transista zipatazo 25,000. Kwa idadi hiyo hapakuwa na nafasi ya mitambo ya kukisia mruko utaelekea wapi. Kupunguza miruko kwenyewe kulikuwa rahisi zaidi.

Mistari minne hii ina mipaka yake, na ripoti nzuri ya maabara huitaja. Weka sifuri na 5: sifuri ni ndogo, kwa hiyo chipu inatoa sifuri katika 5, inapata 5, inarudi juu, na haitasimama kamwe. Sifuri lazima ikaguliwe kabla ya kuingia kwenye kitanzi.

Mpaka wa pili umejificha zaidi. `GT` na `LT` huzichukulia namba kuwa zinaweza kuwa hasi, hivyo chochote kinachozidi 2,147,483,647 huonekana kuwa chini ya sifuri. Ukiweka 3,000,000,000 na 6, chipu inaamini 6 ndiyo kubwa na inatoa bilioni tatu ndani yake. Kinachobaki kwenye r1 ni 1,294,967,302, namba isiyogawanyika kwa 6, na KKS ya kweli imekwisha kupotea kwenye zamu ya kwanza. Dawa ni kubadilisha masharti tu: `SUBHI` na `SUBLO`, ambayo hayajui hasi.

Mpaka wa tatu ni wa njia yenyewe. Bilioni moja na 1 zinahitaji kutoa mara 999,999,999. Kwa mipigo sita kila zamu, prosesa inayokwenda kwa megahezi 60 itatumia sekunde mia moja hivi kupata jibu ambalo ni 1.

Anayejaribu programu hii kwenye ARM ya biti 64, iliyotangazwa mwaka 2011, atakuta asembla inaikataa `SUBGT`. Masharti kwenye karibu kila amri yaliondolewa. Rejista zilikuwa zimeongezeka hadi 31, na kuitaja kila moja kunahitaji biti tano badala ya nne, kwa hiyo biti za sharti zilikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Isitoshe, prosesa za siku hizi zina transista za kutosha kukisia mruko kabla haujafika, na mara nyingi hukisia sawasawa. Kilichobaki ni amri chache kama `CSEL`, inayochagua moja kati ya rejista mbili kwa kufuata bendera. Lakini seti hiyo mpya ina pia `UDIV` ya kugawanya, na ikifuatiwa na `MSUB` inatoa baki. Kwa baki, 84 na 36 zinamalizika kwa zamu mbili, na bilioni moja kwa 1 inamalizika kwa zamu moja.