Je, Wajua? Posho ya Safari na Mkono wa Kodi

Je, wajua kwamba nchini Kenya shilingi 10,000 za kwanza za posho unayolipwa kwa kila siku ya safari ya kikazi hazitozwi kodi? Kiwango hiki kilianza Julai 1, 2025, kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka huo. Kabla ya hapo kilikuwa shilingi 2,000, na kilikaa hapo miaka mingi huku bei ya chumba na chakula ikipanda bila kukingoja.

Je, wajua sababu ya msamaha huo? Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinazihesabu fedha hizo kuwa marejesho ya gharama ulizotumia ukiwa kazini nje ya kituo chako cha kawaida. Hukupata faida, umerudishiwa ulichotumia. Kwa hiyo, kwa shilingi hizo 10,000, mtoza kodi hakudai risiti.

Je, wajua kinachozidi hapo huenda wapi? Mchukue fundi wa mitambo aliyetumwa na kampuni yake kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa siku nne, posho shilingi 14,000 kwa siku. Jumla ni 56,000. Siku nne mara 10,000 ni 40,000, na hizo haziguswi. Zinabaki 16,000, ambazo huongezwa kwenye mshahara wa mwezi huo na kukatwa PAYE. Ikiwa mapato yake yanayotozwa kodi tayari yamevuka shilingi 32,333 kwa mwezi, lakini hayafiki 500,000, yuko katika daraja la asilimia 30, hivyo kodi ya ziada ni shilingi 4,800. Kwa kiwango cha zamani angesamehewa 8,000 tu na kukatwa 14,400. Tofauti ni shilingi 9,600 kwa safari moja, na kwa mtu anayesafiri kila mwezi hiyo ni karo ya mtoto.

Je, wajua kwamba hata zile 16,000 zaweza kuepuka kodi kihalali? Sheria hiyohiyo inaondoa kwenye mapato posho ambayo kwa ukweli ni marejesho matupu ya fedha zilizotumika kwa ajili ya kazi peke yake. Tuseme fundi wetu ametumia 13,000 kwa siku kulala, kula na kusafiri, ana risiti za jumla ya 52,000, na amerudisha ofisini 4,000 zilizobaki. Hakuna kilichobaki mfukoni mwake cha kutozwa kodi. Hapa ndipo wengi hupoteza, kwa kuwa hutupa risiti wakidhani posho ikishalipwa mambo yameisha. Hotelini omba ankara ya eTIMS yenye PIN ya mwajiri wako, kwa sababu naye anaihitaji ili gharama hiyo ikubalike katika hesabu zake za kodi.

Je, wajua kwamba kuiita fedha posho ya safari hakuifanyi iwe posho ya safari? Anayelipwa shilingi 30,000 kila mwisho wa mwezi, asafiri asisafiri, amepokea mshahara kwa jina jingine, na zote zinatozwa kodi. Vivyo hivyo kwa mfanyakazi wa Mombasa anayelipwa posho kwa kufanya kazi Mombasa, kituo chake cha kila siku. Wakaguzi huuliza mambo mepesi: barua ya kumtuma iko wapi, alilala wapi, na tarehe zinalingana na siku alizolipwa? Mwajiri asiye na majibu hudaiwa kodi ambayo alipaswa kuikata.

Je, wajua namna ya kutambua kama umekatwa kupita kiasi? Tazama hati yako ya mshahara ya mwezi uliosafiri, mahali penye mapato yanayotozwa kodi. Kwa mfano wetu yanapaswa kupanda kwa 16,000. Yakipanda kwa 56,000, posho yote imetiwa kwenye mshahara. Yakipanda kwa 48,000, mtunza hesabu bado anatumia kile kiwango cha 2,000. Na hilo si suala la hisani tena: tangu Julai 2025 mwajiri analazimika kisheria kuzingatia misamaha yote unayostahili kabla ya kukata PAYE.

Makosa yakigunduliwa mwaka ukiwa umekwisha, linganisha fomu ya P9 na hati zako za mshahara, umtake mwajiri airekebishe, kisha uwasilishe ritani yako kwenye iTax kabla ya Juni 30 kupita. Kodi iliyolipwa zaidi huombwa irudishwe ndani ya miaka mitano tangu ilipolipwa, kwa hiyo barua ya safari na risiti zitunzwe angalau muda huo.