Ukijijulisha chamani, jibu swali ambalo hawakuulizi

UMEALIKWA chamani na rafiki. Maombi yamefanywa, katibu amesoma kumbukumbu, kisha mwenyekiti anakugeukia: “Haya, mgeni wetu ajijulishe.”

Hapo ndipo vijana wengi huharibu. Wanaanza kutaja ploti na gari wanalotaka kununua. Wanachama wanatikisa vichwa kwa adabu tu, lakini kila mmoja anajiuliza: huyu akishapokea pesa, ataendelea kuleta zake?

Wana sababu ya kuuliza. Chukulia chama cha mzunguko chenye watu 10, kila mmoja akitoa Sh500 kila Jumapili. Kila wiki mtu mmoja anaondoka na Sh5,000. Anayepokea wiki ya pili amechanga Sh1,000 pekee, kwa hivyo Sh4,000 ni jasho la wenzake, na atazilipa kwa wiki nane zinazofuata. Akizima simu, walio nyuma yake watapokea pungufu. Anayepokea mwisho hadaiwi na mtu. Yeye ndiye amekuwa akiwakopesha wengine.

Kijana wa bodaboda anayeelewa hesabu hiyo angejijulisha hivi:

“Mwenyekiti, akina mama na ndugu zangu, hamjambo? Mimi naendesha boda hapo steji ya sokoni, huu mwaka wa tatu. Pikipiki si yangu. Nikishampa mwenyewe pesa yake ya siku, nitoe mafuta na chakula, nabaki na kama Sh500. Siku ya mvua hiyo pesa hupungua, ndiyo maana nitakuwa nikiweka kando Sh100 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, nisingoje Jumapili. Nina deni moja la simu, Sh2,000, namaliza mwezi ujao. Huyu dada aliyenileta tunaishi ploti moja, anajua mlango wangu. Naomba mnipe namba ya mwisho.”

Hajajisifu hata kidogo. Ameonyesha pesa itatoka wapi, hata wiki mbaya. Deni amelitaja mwenyewe, kwa sababu likija kujulikana baadaye, hata yale ya kweli aliyosema yatatiliwa shaka. Na kwa kuomba namba ya mwisho, amewaondolea hatari: akishindwa kuchanga njiani, hatakuwa ametoroka na pesa ya mtu.

Kinyume chake ni mgeni anayeomba namba ya kwanza kwa sababu “kuna shida kidogo nyumbani.” Huenda anasema kweli, lakini hakuna anayeweza kujua.

Lakini wewe wa mwisho ndiye utakayeumia mwenzako akitoroka. Kwa hivyo kabla ya kuketi, uliza kwa heshima: sheria zimeandikwa? Mtu akikosa kuchanga, ni aliyemleta atakayelipa? Chama kizuri hakitakasirika. Katibu atafungua daftari akuonyeshe.