Alama 28 za Hesabu

“Jumatatu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa nne: mifuatano. Maswali kumi, nimepata tisa. Mama kaniita chai mara mbili.”

Hivyo ndivyo linavyoanza kaunta buku la msichana wa Kidato cha Nne, jirani yangu hapa Morogoro, ambaye huja kwangu kwa tuisheni ya hesabu. Ni wiki ya likizo fupi mwezi Septemba. Mtihani wa taifa ni Novemba, na matokeo ya mtihani wa utamilifu, ule ambao wanafunzi wanauita moku, yalikuwa bado hayajatoka. Ameniruhusu nilisome daftari lake na niandike nilichokiona, ila jina lake nisilitaje.

Tisa kwa kumi ni kazi nzuri, lakini tazama ilivyopatikana. Alifungua mada ya mifuatano, akasoma mifano mitatu iliyokwisha kufanywa, kisha akafanya zoezi lililo chini yake. Maswali yote kumi yalihusu mfuatano ambao kila namba inazidi iliyotangulia kwa kiasi kilekile. Kwa mfano, namba ya tatu ni 11 na ya nane ni 26. Tafuta jumla ya namba 20 za mwanzo. Kutoka ya tatu mpaka ya nane kuna hatua tano, na tofauti ni 15, kwa hiyo kila hatua ni 3. Ukirudi nyuma hatua mbili, namba ya kwanza ni 5, na jumla ya zote 20 ni 670. Aliandika vizuri, hatua kwa hatua. Ila hakuna mahali alipolazimika kujiuliza swali hili ni la aina gani. Kichwa cha zoezi kilikuwa kimeshamjibu.

Jumanne alishika logi. Katika karatasi ya hesabu ya Kidato cha Nne kikokotoo hakiruhusiwi. Mtahiniwa anatumia kitabu cha majedwali. Palepale ndipo wengi wanapoteza alama kwa namba zilizo ndogo kuliko moja. Logi ya 0.0457 tunaiandika 2 yenye mstari juu yake, halafu nukta, halafu 6599. Mstari ule ni alama ya kutoa, lakini unaihusu ile 2 peke yake. Sehemu iliyobaki, 0.6599, ni chanya. Kwa hiyo namba nzima ni hasi 2 jumlisha 0.6599, yaani hasi 1.3401. Yeye alikuwa akiichukulia kuwa hasi 2.6599.

Alitakiwa kupata kipeuo cha pili cha 0.0457, akagawanya logi yake kwa mbili, jibu likaja 0.0468. Hapo akafanya kitu ambacho sikumwambia: akazidisha 0.0468 kwa yenyewe. Ikatoka kama 0.0022, wala haikukaribia 0.0457. Pembeni kaandika, “Haiwezekani. 0.2 mara 0.2 ni 0.04, jibu liko karibu na 0.2.” Akarudia, safari hii akigawanya hasi 2 peke yake na 0.6599 peke yake, akapata 0.2138. Nilipoona mstari ule nilifurahi kuliko nilivyofurahia tisa kwa kumi ya jana yake. Kumchunguza jibu kwa makadirio ni kazi ya nusu dakika, na watahiniwa wachache huifanya.

Jumatano ukurasa una mstari mmoja tu: “28. F.”

Alikuja jioni na karatasi ameikunja mara nne. “Shikamoo mwalimu,” akasema, kisha akakaa kimya. Mama yake alikuwa ameshamwambia labda hesabu si fungu lake, aweke nguvu kwenye Kiswahili na Historia. Si ushauri wa kijinga. Ufaulu wa jumla huhesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na wapo wanaopata daraja la kwanza huku hesabu wamepata F. Lakini msichana huyu anataka kusomea uuguzi, na huko ufaulu wa hesabu unaweza kumsaidia.

Kwa wasiozifahamu ngazi: A inaanzia alama 75, B 65, C 45, D 30. Chini ya 30 ni F. Alibakiza alama mbili. Karatasi yenyewe ni ya saa tatu. Sehemu A ina maswali kumi ya alama sita sita, na sehemu B maswali manne ya alama kumi kumi, yote ya lazima. Katika A alikuwa na 21 kwa 60, katika B 7 kwa 40.

Sikumfundisha chochote jioni ile. Nilimpa kalamu ya risasi nikamwomba, kesho yake akitulia, apitie kila alama aliyoikosa na kuitia katika moja ya mafungu matatu: swali sikuligusa; nilianza kwa njia isiyo yake; njia niliijua ila nikateleza. Asiandike “sielewi hesabu”, maana hilo halimwonyeshi mtu pa kuanzia.

Alhamisi kwa hiyo ni ukurasa uliojaa. Alama zilizopotea ni 72. Maswali asiyoyagusa yalimgharimu 26: mawili ya sehemu B na moja la sehemu A. Sababu aliikuta mwenyewe. Swali la nne, lenye alama sita tu, alilikalia zaidi ya nusu saa. Ukigawa saa tatu kwa alama 100, kila alama ina chini kidogo ya dakika mbili, na swali la alama sita linastahili kama dakika kumi na moja. Alikula muda wa maswali mengine mawili, na hata hilo la nne hakulimaliza.

Njia isiyo yake: alama 27. Nitalirudia fungu hili.

Kuteleza: alama 19. Alama ya kutoa iliyosahaulika wakati wa kufungua mabano, namba 6 iliyonakiliwa kama 0, na logi yenye mstari iliyosomwa vilevile alivyoisoma Jumanne kabla hajajisahihisha. Zijumlishe 19 na 28, unapata 47, ambayo ni C. Yaani bila kujifunza mada hata moja mpya, kwa yale aliyokwisha kuyajua tu, angeruka kutoka F mpaka C. Chini ya hesabu hiyo ameandika kwa herufi kubwa: “KUMBE.”

Ijumaa maji yalikatika mtaani, wakashinda kisimani yeye na wadogo zake. Kasoma dakika arobaini usiku. Sina la kuongeza, isipokuwa kwamba hakujaribu kufidia kwa kukesha, na alifanya vema.

Sasa lile fungu la 27. Swali lililomuuma zaidi katika moku lilikuwa la namna hii: mtu anaweka akiba ya shilingi 2,000 wiki ya kwanza, na kila wiki anaweka 500 zaidi ya alichoweka wiki iliyopita, baada ya wiki 12 atakuwa na kiasi gani? Aliposoma “akiba” na “kila wiki”, alikimbilia fomula ya riba limbikizi, akajaza nusu ukurasa. Kumbe ni ule ule mfuatano aliokuwa ameupata tisa kwa kumi. Wiki ya 12 mtu huyo anaweka 7,500. Wiki ya kwanza na ya mwisho zikijumlishwa ni 9,500, na jozi za namna hiyo zipo sita, basi akiba yote ni shilingi 57,000. Hesabu yenyewe aliiweza. Alichokosa ni kulitambua swali lilipomjia bila kichwa cha habari.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor, watafiti wa Marekani, waliwafundisha wanafunzi wa chuo kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya maswali umbo kwa umbo, jingine likafanya yaliyochanganywa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilipata asilimia 89, la pili 60. Wiki moja baadaye wakapewa mtihani: waliofanya umbo kwa umbo wakapata asilimia 20, waliochanganya 63. Kwa hiyo zoezi linaloteleza vizuri linaweza kumdanganya anayelifanya, na mwalimu wake pia.

Jumamosi, basi, tulibadili utaratibu. Nilinakili maswali 20 kutoka mada saba kwenye vikaratasi, nikavichanganya kofiani. Kwa kila kikaratasi alitakiwa kwanza kusema ni mada gani, ni njia gani, na ni neno lipi ndani ya swali linalomwonyesha hivyo. Kukokotoa baadaye. Vikaratasi kumi vya kwanza alipatia vinne. Alikasirika, akasema Jumatatu alikuwa anajua zaidi. Vya pili kumi alipatia saba. Kilichomsaidia ni kuacha kutazama hadithi ya swali, iwe akiba, mifuko ya saruji au viti vya ukumbini, na kutazama namba zinavyobadilika: kama nyongeza ni kiasi kilekile kila mara, ni mfuatano wa kujumlisha; kama kila mara unazidisha kwa kiasi kilekile, ni ule mwingine, na riba limbikizi imo humo.

Jumapili baada ya ibada alifanya sehemu A ya karatasi ya mwaka wa nyuma, saa ikiwa mezani, saa moja na dakika 48. Kila swali likifika dakika kumi na moja aliliacha, hata kama kalamu ilikuwa katikati ya mstari. Nilisahihisha mbele yake: 33 kwa 60. Kuteleza kulimla alama tano tu. Njia isiyo yake, 16. Swali moja la alama sita hakuligusa kabisa.

Nisingependa mtu aishangilie sana ile 33. Baadhi ya maswali yale alishakutana na ndugu zake kwenye tuisheni, na chumba chetu cha mbele hakina msimamizi wala jasho la Novemba. Sehemu B yenye alama 40 hatujaigusa wiki nzima. Na lile swali aliloliacha lilihusu nadharia za duara. Hapo kuchanganya vikaratasi hakutasaidia kitu, kwa sababu huwezi kutambua njia ambayo hukuwahi kufundishwa ukaelewa. Shuleni kwao mada hiyo ilipitwa haraka, mwalimu akiwa mmoja kwa mikondo minne.

Tumekubaliana wiki ijayo aje na bikari na rula, tuanze duara kutoka mwanzo, tukianza na pembe ya katikati na ile ya ukingoni. Vikaratasi vinaendelea, kumi kila jioni. Karatasi ya moku ameibandika ndani ya jalada la kaunta buku, mafungu matatu yakionekana, na kwenye lile la alama 19 ameongeza orodha fupi ya kupitia dakika kumi za mwisho za kila jaribio: mabano, kunakili, mstari wa logi.