Baada ya hodi, sema unauza

Wauzaji wengi wa machujio ya maji wanaopita nyumba kwa nyumba hupoteza mteja hata kabla ya kulitaja chujio. Kinachowaponza ni kuificha biashara: "Mama, tunapita kuangalia maji ya mtaa huu." Mwenye nyumba anadhani ni bwana afya. Anaacha kufua, anajifuta mikono, kisha anatajiwa bei. Hapo hata chujio liwe zuri vipi, ameshaudhika.

Chukua nyumba ya Tandika, Dar es Salaam, saa nne asubuhi. Mama mtu mzima yuko uani anaosha vyombo. Piga hodi, rudi nyuma hatua mbili, ngoja ukaribishwe. Hodi ya tatu isipoitikiwa, nenda zako. Akikukaribisha, sema: "Shikamoo mama, pole na kazi. Naitwa Hamisi, nauza machujio ya maji ya kunywa. Maneno yangu ni ya dakika mbili. Kama nimekukuta na kazi nyingi, niambie nipite saa ngapi." Ameshajua wewe ni nani, umebeba nini na utamchukulia muda gani. Kukataa ni rahisi, na ndiyo maana wengi husikiliza.

Akikuruhusu, uliza: "Maji ya kunywa hapa mnachemsha au mnanunua?" Usiulize kama maji yao ni salama, maana hilo ni kumwambia mtu kwake kuchafu. Anayechemsha zungumza naye habari ya mkaa. Anayenunua, habari ya madumu. Akisema tatizo lake ni maji ya kisima yenye chumvi, mwambie papo hapo kwamba chujio la udongo halitoi chumvi. Linazuia tope na vijidudu vingi, tena polepole, kama lita moja hadi tatu kwa saa. Utakosa mauzo hapo, lakini jirani yake atakusikiliza.

Kuna mchezo mmoja nauchukia: kile kifaa cha umeme chenye vijiti vya chuma, kinachotumbukizwa kwenye glasi ya maji ya mwenye nyumba hadi yageuke kahawia. Rangi ile ni kutu ya vijiti vyenyewe. Madini yaliyomo majini, ambayo mengi hayana madhara, ndiyo yanayopitisha umeme, na umeme unakula chuma. Vijidudu havihusiki kabisa. Muuzaji anayeanza hivyo anamtisha mtu kwa uongo.

Mama akisema "pita jioni", muulize ni kabla ya magharibi au baada ya chakula, uandike mbele yake. Ukirudi, usianze upya: "Shikamoo mama, ni Hamisi wa machujio, uliniambia nipite saa kumi na moja. Bado ni wakati mzuri?"