Barua pepe ya shukrani baada ya usaili: andika walichokuwa hawajakisikia

Barua pepe nyingi za shukrani zinazowafikia maofisa rasilimali watu baada ya usaili zinafanana. Mwombaji anashukuru kwa nafasi, anakumbusha shahada yake na miaka yake ya uzoefu, anaahidi kuwa mchapakazi anayeweza kufanya kazi na wenzake, kisha anasubiri majibu. Hakuna kosa la adabu hapo. Ila yote hayo yamo kwenye wasifu wake, na jopo limeyasikia kwa masikio yake saa chache zilizopita. Barua ya namna hiyo husomwa mstari wa kwanza tu, na haimsogezi mwombaji mbele wala nyuma.

Barua yenye kazi hubeba kitu kimoja ambacho usaili haukupata nafasi ya kukifikia. Kitu hicho karibu kila mara hutoka kinywani mwa wasaili wenyewe. Maswali yao huwa yameandaliwa, lakini mwishoni, wakikukaribisha uulize lako, ndipo hueleza shida halisi ya ofisi. Kwa hiyo inafaa kuuliza swali litakalowafanya waizungumze: mtu atakayepata kazi hii, mnataka awe amerekebisha nini ndani ya miezi ya mwanzo? Ukishatoka nje, kabla hata hujapanda daladala, andika jibu lao kwa maneno yao. Ukingoja hadi usiku utakumbuka zaidi ulivyojibu wewe kuliko walivyosema wao, na barua itageuka kuwa usaili wa pili.

Tumchukue mwombaji wa nafasi ya ofisa ghala katika kampuni ya kusambaza dawa jijini Mwanza. Ndani ya usaili ameulizwa namna anavyozuia dawa kuharibikia ghalani, naye akaeleza vizuri kwamba zinazokaribia kuisha muda hupangwa mbele na hutoka kwanza, hata kama ziliingia baadaye. Muda ukiwa umekwisha, meneja akasema kwamba ghala kuu halimsumbui, kinachomsumbua ni matawi. Taarifa za dawa zinazokaribia kuisha muda humfikia mwisho wa mwezi, wakati wa kuzihamisha ukiwa umeshapita. Mwombaji akaitikia kwa kichwa, wakaagana. Hapo ndipo barua yake ilipo. Kurudia habari ya kupanga dawa mbele ni kujibu swali walilokwisha kumpa alama, na hili la matawi hajalijibu kabisa.

Jioni hiyo anaandika, na kwenye kichwa cha barua anaweka maneno ya kuonekana haraka: Asante kwa usaili wa leo, nafasi ya ofisa ghala.

"Ndugu Meneja,

Asante kwa muda mlionipa leo asubuhi. Nimeendelea kulifikiria ulilolisema mwishoni, kwamba taarifa za dawa zinazokaribia kuisha muda huchelewa kutoka matawini.

Nilikokuwa tulikuwa na maduka manne yenye shida kama hiyo. Tuliacha kusubiri hesabu kamili ya mwezi. Kila Ijumaa msimamizi wa duka alituma orodha fupi ya dawa zilizobakiza miezi sita au pungufu: jina la dawa, namba ya bechi, tarehe ya kuisha na idadi. Jumatatu tuliamua ipi ihamie duka gani. Wiki za mwanzo orodha zilikuwa na mapengo, kwa sababu maboksi ya nyuma ya rafu hayakuwa yakitazamwa, hadi tulipoanza kubandika karatasi nyekundu kwenye kila boksi lililofikia miezi hiyo sita.

Matawi yenu ni mengi zaidi na yako mbalimbali, hivyo utaratibu huo ungehitaji kurekebishwa. Ningefurahi kuifanya kazi hiyo pamoja nanyi. Nasubiri taarifa yenu wiki ijayo kama mlivyosema.

Wako mwaminifu,"

Chini yake linafuata jina na namba ya simu, basi. Inasomeka kwenye simu kwa dakika moja, na huo ndio urefu unaofaa.

Aya ya kwanza ina shukrani ya sentensi moja tu, kisha inashika maneno ya meneja. Meneja anajua mara moja kwamba barua hii haikutumwa kwa kampuni nyingine. Aya ya pili haina neno mchapakazi wala mbunifu. Ina Ijumaa, Jumatatu na karatasi nyekundu, na msomaji anajionea mwenyewe kwamba huyu mtu amewahi kusimama kati ya rafu. Ninayoithamini zaidi ni sentensi ya mapengo. Mtu anayekumbuka mahali utaratibu ulipokwama huaminika kuliko anayesimulia mafanikio matupu. Aya ya mwisho nayo inazuia kosa ambalo limewaharibia wengi, la kumfundisha meneja kazi yake baada ya kukaa naye nusu saa. Kukiri kwamba matawi yao ni tofauti kunaacha mlango wa mazungumzo, tofauti na kumtumia mpango wa kurasa tatu ambao hakuuomba.

Kuna kishawishi cha kuambatisha fomu halisi iliyotumika kazini zamani. Tafadhali usifanye hivyo. Orodha yenye bechi na idadi za mwajiri wa zamani ni siri yake, na meneja makini atajiuliza siri zake yeye zitafika wapi siku ukihama.

Kabla ya kutuma, pitia kila sentensi kwa maswali mawili. Je, walishaisikia ndani ya chumba? Je, ingeweza kwenda kwa kampuni nyingine bila kubadilishwa neno? Sentensi inayojibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo inafutwa, isipokuwa ile ya shukrani. Kama hakibaki kitu, tuma shukrani fupi ya sentensi mbili, ambayo ni heshima tosha.

Itume siku ileile au kesho yake asubuhi, kwa sababu majopo mengine hukaa kulinganisha alama mapema. Tumia lugha iliyotumika kwenye usaili. Kama mlisailiana kwa Kiingereza, barua iwe ya Kiingereza. Msaili wa fani ndiye wa kuandikiwa habari ya bechi na rafu. Ofisa rasilimali watu aliyepanga usaili anatosheka na mistari miwili ya kumshukuru kwa maandalizi, na ukiwatumia wote maneno yaleyale watayaona, kwani wanakaa ofisi moja. Kama huna anwani ya meneja, mwombe ofisa huyo amfikishie, badala ya kuisaka namba yake binafsi kwa marafiki.

Haya yanahusu kampuni binafsi na mashirika. Ajira za serikali zina njia nyingine. Tanzania, usaili unaoendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huamuliwa kwa alama, na mawasiliano hupita kwenye mfumo rasmi. Kenya, matangazo mengi ya kazi za umma husema wazi kwamba anayejaribu kuwashawishi wanaoajiri ataondolewa. Kumwandikia mjumbe wa jopo huko, hata kwa nia njema kabisa, kunaweza kuchukuliwa kuwa ushawishi. Shukuru kwa mdomo unapoinuka kwenye kiti, na uishie hapo.