Gramu 15 za bangi nchini Singapoo

Tuseme msafiri amefikia hotelini Singapoo, na polisi wanakuta gramu 20 za bangi ndani ya begi lake. Yeye anaapa ni za kuvuta mwenyewe. Wengi wangedhani kosa lake ni kupatikana na dawa tu. Lakini sheria ya nchi ile inasema anayekutwa na zaidi ya gramu 15 za bangi huchukuliwa kuwa mlanguzi, hata kama hakuna aliyemwona akiuza. Kwa heroini safi kiwango ni gramu 2. Mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unamwangukia yeye, si mwendesha mashtaka, na hapo ndipo wageni wengi hushtuka. Ulanguzi wa bangi inayozidi gramu 500 unaweza kumfikisha kwenye kitanzi.

Akisema begi ni la rafiki? Aliyeshika begi au ufunguo wake hudhaniwa kuwa anamiliki kilichomo na anakijua, mpaka athibitishe kinyume. Ndiyo maana kumbebea mtu mzigo ni hatari kubwa kuliko watu wanavyoamini.

Kutumia ni kosa jingine kabisa, na halihitaji kukutwa na chochote. Mkojo ukipimwa mara mbili na vipimo vyote vikaonyesha dawa, sheria hudhani umeitumia kinyume cha sheria. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 10. Raia na wakaazi wa kudumu wa Singapoo hushtakiwa hata kama waliitumia nje ya nchi, mahali inaporuhusiwa.